Ulinganisho: MatchTarget ya Unity, Motion Warping ya Unreal, au IK peke yake ili mikono itue juu ya ukingo?

Kibaraza_Sinza

Wakuu, salaam. Tuko wachache hapa Sinza tunaotengeneza mchezo wa kukimbia na kuruka kuta katika mitaa tuliyoichora kwa kufuata vichochoro vya Kariakoo, na kama mnavyojua, kuta za kule hazifanani kimo hata kidogo. Klipu yetu ya kupanda iliigizwa kwenye ukingo wa sentimita 110, ina urefu wa sekunde 1.5 kwa fremu 30 kwa sekunde, na mikono inatua vizuri pale tu ukuta unapokuwa wa kimo hichohicho. Tukimpeleka mhusika kwenye ukuta wa sentimita 138, viganja vinazama katika uso wa ukuta, chini kabisa ya ukingo, kisha kiwiliwili kinapanda kana kwamba kimeshika hewa. Sampuli yetu iko Unity, ila kazi bado ni changa na tunaweza kuhamia Unreal ikibidi. Naomba mnilinganishie njia mlizozitumia, na zaidi mnieleze kila njia inashindwa wapi.

Kijana_wa_Mbagala

Mkuu, unajisumbua bure. Washa IK Pass kwenye tabaka la kwanza, kisha ndani ya `OnAnimatorIK` iweke mikono yote miwili kwenye nukta za ukingo na upandishe uzito hadi 1. Mimi nimefanya hivyo kwa mhusika anayesukuma mkokoteni na mikono haitelezi hata chembe. Hakuna haja ya kuhama injini wala kujifunza kitu kipya.

MamaMifupa

Mdogo wangu wa Mbagala amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo tutaihitaji baadaye. Kwenye mkokoteni, mabega yako tayari mahali pake na mikono inarekebishwa kwa sentimita chache. Kwenye ukuta wa Kibaraza kosa ni sentimita 28, na kosa hilo ni la mwili mzima, kwa sababu mabega nayo yako chini kwa sentimita zilezile 28. IK haihamishi bega. Itaunyoosha mkono mpaka kiwiko kifunguke chote, na lengo likiwa mbali kuliko urefu wa mkono, kiganja kitabaki njiani. Dalili yake inaonekana wazi ukiitazama klipu polepole: kiwiko kinaruka ghafla kutoka kukunjwa hadi kunyooka ndani ya fremu moja au mbili, kisha mkono unakuwa mgumu kama fimbo.

Kwa hiyo kinachopaswa kusogezwa kwanza ni mzizi wa mhusika, ili mwili wote ufike mahali ambapo mkono uliochezwa kwenye klipu utaukuta ukingo wenyewe. Hicho ndicho MatchTarget na Motion Warping zinachofanya, kila moja kwa namna yake. IK inakuja mwisho, kwa zile sentimita zilizobaki.

Sasa nichukue mfano wako. Ifungue klipu na utafute fremu mbili: ile ambayo miguu inaachana na ardhi, na ile ambayo mkono wa kulia unagusa ukingo. Tuseme ni fremu ya 6 na ya 15 kati ya 45, yaani 0.13 na 0.33 ya klipu. Hilo ndilo dirisha lako la kusahihisha. Sentimita 28 zikigawanywa kwa fremu 9 ni kama sentimita 3 za ziada kwa kila fremu, na kwa kuwa mhusika yuko hewani akiruka, jicho halizioni. Ukianza kusahihisha kabla ya fremu ya 6, miguu itateleza au kuinuka ardhini mapema. Ukimaliza baada ya fremu ya 15, mkono utakuwa umeshagusa huku mwili ukiendelea kusogezwa, na kiganja kitaburuzika juu ya saruji. Watu wengi wanaolalamika kwamba MatchTarget haifanyi kazi barabara, tatizo lao ni mwisho wa dirisha.

```csharp
var hali = animator.GetCurrentAnimatorStateInfo(0);
if (!imeitwa && hali.IsName("Panda") && !animator.IsInTransition(0))
{
    animator.MatchTarget(kifundo, transform.rotation, AvatarTarget.RightHand,
        new MatchTargetWeightMask(Vector3.one, 0f), 0.13f, 0.33f);
    imeitwa = true;
}
```

Uzito wa mzunguko nimeuacha sifuri kwa makusudi. Ukidai kiganja kizunguke kufuata ukingo, injini itauzungusha mwili mzima ili kiganja kiridhike, na utamwona mhusika akiinama mwili mzima bila sababu. Mgeuze auelekee ukuta wewe mwenyewe kabla klipu haijaanza. Hakikisha pia Apply Root Motion imewashwa na mhusika ni wa aina ya Humanoid, la sivyo hakuna kitakachotokea.

Kibaraza_Sinza

Dada, nashukuru sana. Nimeijaribu na kimo sasa kinafuatwa, lakini nina maswali mawili. Kwanza, mara nyingine mhusika akija kwa kasi, usahihishaji hautokei kabisa. Pili, hata unapotokea, vidole vinavuka ukingo na kiganja kizima kinaelea juu ya ukuta.

MamaMifupa

La kwanza linatokana na muda wa mpito kutoka hali ya kukimbia kuingia "Panda". MatchTarget ikiitwa wakati wa mpito haina athari, ndiyo maana nimeweka `IsInTransition`. Lakini kama mpito wako ni wa sekunde 0.25, unamalizika klipu ikiwa imeshafika 0.17, na mwanzo wa dirisha lako, 0.13, umeshapita. Ufupishe mpito uwe kama sekunde 0.1, ndipo utabaki na nafasi ya kuita kabla ya dirisha kufunguka.

La pili ni kosa la kipimo. Mfupa wa mkono hauko kwenye kiganja, uko kwenye kifundo. Ukiipa MatchTarget nukta ya ukingo, kifundo ndicho kitakachokaa juu ya ukingo, na kiganja na vidole vyote vitakuwa mbele yake. Rudi kwenye faili la klipu, weka boksi la sentimita 110 mahali mwigizaji alipopanda, simama kwenye fremu ya 15, kisha upime umbali kutoka pembe ya boksi hadi kwenye kifundo, kwa kimo na kwa kina. Umbali huo ndio unaouongeza kwenye nukta ya ukingo kila mara. Usiukisie kwa macho ndani ya mchezo, maana utakuwa sahihi ukitazama kwa upande na kukosea ukitazama kwa mbele.

Fundi_Ubungo

Mimi niko upande wa Unreal, na naona ulinganisho bado haujakamilika. Programu-jalizi ya Motion Warping inakupa dirisha lilelile, ila unalichora moja kwa moja kwenye montage kama notify state, kwa hiyo mchora animesheni analiona na kulivuta bila kugusa msimbo. Unaweza kuweka madirisha mawili kwenye klipu moja, la kwanza likiishia mkono unapogusa na la pili likiishia mguu unapokanyaga juu, kila moja na jina la lengo lake. Kwenye MatchTarget huwezi kupanga la pili hadi la kwanza liishe.

Hata hivyo kuna mitego mitatu ambayo kila mgeni huangukia. Ignore Z Axis huwa imewashwa tangu mwanzo, kwa hiyo mhusika anaufikia ukuta vizuri lakini hapandi kwa kimo kinachotakiwa, izime. Pili, mhusika akiwa katika hali ya Walking, mwendo wa mzizi wa kwenda juu hupuuzwa, hivyo mweke Flying wakati wa kupanda na umrudishe baadaye, na pia uzuie kapsuli isigongane na ukuta huo, maana ikigonga itasimama hapohapo. Tatu, kinachopelekwa kwenye lengo ni mzizi. Ukitaka mkono ndio ufike, badilisha Warp Point Anim Provider iwe Bone na uandike jina la mfupa, mathalani `hand_r`. Baada ya hapo hesabu ya kifundo aliyoieleza Dada inabaki ileile.

Nahodha_Kigamboni

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina mchezo ambao kijana anadandia nyuma ya lori linalotembea. Nimetumia MatchTarget kama mlivyoeleza na mkono unatua mahali lori lilipokuwa, halafu lori linaondoka. Je, niongeze ukubwa wa dirisha?

Fundi_Ubungo

Hapana, Nahodha, dirisha halitakusaidia. MatchTarget huchukua nukta wakati wa kuitwa, na ukiiita tena kabla haijamaliza, wito wa pili hutupwa. Kwa lengo linalotembea, Unreal ina `AddOrUpdateWarpTargetFromComponent`, ambayo ukiiwashia `bFollowComponent` hulifuata lori katika kila fremu. Kwa Unity njia nyepesi ni kukisia lori litakuwa wapi mkono utakapogusa, yaani nukta ya sasa ukijumlisha kasi mara muda uliobaki, na lori likipiga breki katikati utakosea.

Kijana_wa_Mbagala

Nimeelewa sasa kuhusu bega. Lakini mkono wa kushoto je? Mnazungumza mkono mmoja tu, na ukingo nao unaweza kuwa umeinama.

MamaMifupa

Hapo ndipo IK yako inapopata kazi yake. Zana zote mbili hupeleka nukta moja tu ya mwili kwa wakati mmoja. Mikono ikiwa imeachana kwa sentimita 45 na ukingo ukainama digrii 10, mkono wa pili utakosea kwa karibu sentimita 8. Kosa la namna hiyo IK inalimudu bila kiwiko kuruka. Kwenye klipu ya Kibaraza, kama mkono wa kushoto unagusa fremu ya 18 na kuachia fremu ya 32, uzito upande kutoka 0 hadi 1 kati ya 0.33 na 0.40, ubaki hapo, kisha ushuke taratibu kuanzia 0.71. Usiupandishe mapema, kwani mkono utavutwa kwenye ukingo ukiwa bado unapepea hewani.

Kibaraza_Sinza

Basi kwa kuta zetu zisizotembea naona tutabaki Unity. Je, klipu hii moja inaweza kuvutwa hadi ukuta wa sentimita 190?

MamaMifupa

Kitaalamu itafika, kimacho haitakubalika. Sentimita 80 kwa fremu 9 ni karibu sentimita 9 kwa fremu, na mhusika ataonekana amenyanyuliwa kwa kamba. Mimi huigiza klipu nyingine kila kimo kinapozidi kwa sentimita 40 hivi, huku zile za katikati zikirekebishwa.

Fundi_Ubungo

Mimi naona 40 ni nyingi kwa klipu za kuruka ukuta kwa mkono mmoja, kwa sababu muda wa hewani ni mfupi zaidi. Ningeweka 25. Na kama mchezo utachezwa na watu kadhaa mtandaoni, Kibaraza, amua mapema ni nani anayetafuta ukingo. Kwa upande wetu lengo lisipowekwa kwenye seva na kwa mchezaji vilevile, seva humrudisha mhusika nyuma katikati ya kupanda.

Kibaraza_Sinza

Watu kadhaa ndio mpango, ila bado hatujagusa seva. Kesho nitapima kuta zote za ramani na kuweka orodha ya vimo hapa, ndipo tuone kama ni 40 au 25.