Mrejesho: krediti noti kwenye ritani ya VAT

Niliuliza: "Mteja amenirudishia rangi niliyomwuzia mwezi uliopita, nami nimerudisha saruji kwa msambazaji. Mwezi huu nailipa URA kiasi gani?"

Asanteni sana wote, nimeshawasilisha ritani kabla ya tarehe 15.

Nilifuata ushauri wa kutoigusa ritani ya mwezi nilioiuza rangi. Niliomba krediti noti kwenye EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Uganda, nikiifunga na ankara ileile ya mwanzo, ikakubaliwa, nayo ikaingia kwenye ritani ya mwezi rangi iliporudi. Mauzo yangu kabla ya kodi yalikuwa shilingi 40,000,000, kodi ya 18% ni 7,200,000. Rangi iliyorudi ilikuwa ya 5,000,000, yaani kodi 900,000. Zikabaki 6,300,000. Mteja wangu naye amesajiliwa VAT, kwa hiyo nilimkumbusha apunguze 900,000 hiyohiyo upande wake wa manunuzi.

Upande wa saruji haujakamilika. Manunuzi yalikuwa 30,000,000, kodi yake 5,400,000. Mzigo niliorudisha ni wa 2,000,000, lakini msambazaji hakutoa krediti noti yake hadi mwezi ukafungwa, na delivari noti peke yake haibadilishi kodi. Basi nimelipa 6,300,000 kutoa 5,400,000, yaani 900,000. Kama noti yake ingewahi, ningelipa 1,260,000.

Hiyo tofauti ya 360,000 si faida. Nimeiweka kando, maana noti ikitoka mwezi huu itapunguza kodi ya manunuzi ya mwezi huu. Jana msambazaji ameniambia ameshatuma maombi yake.