Amplifaya: hesabu inasema 234, kipimo kinasema 4. Naomba ushauri

Wakuu, niko Dodoma, najifunza na amplifaya ya transista moja, emita ikiwa ya pamoja. hfe ni 120, hie omu 2,000, rezista ya kolekta omu 3,900, haina mzigo. Nikapata ukuzaji wa volti, Av:

Av = −120 × 3900 / 2000 = −234

Nikaingiza milivolti 5, nikitarajia volti 1.17. Zikatoka milivolti 19 tu! Volti za DC ziko sawa. Nikaijumlisha kwenye hesabu rezista ya emita, omu 1,000:

Av = −120 × 3900 / (2000 + 121 × 1000) ≈ −3.8

Inalingana kabisa. Je, kapasita ya emita, iliyo sambamba na rezista hiyo (niliichomoa kwenye redio mbovu) imekauka? Nikiunga nyingine sambamba nayo, inatosha kuthibitisha?