Naombeni ushauri: mtoto wa miezi 6, nimchezeshe na vitu gani vya humu ndani?

Mama_Tabata
Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kwanza ametimiza miezi 6 na wiki mbili. Anakaa kwa kuegemezwa na mto, anakamata kitu na kukihamisha toka mkono huu kwenda ule, na kila akishikacho kinaishia mdomoni. Nataka michezo ya kuamsha milango yake ya fahamu, yaani kugusa, kusikia, kuonja, lakini midoli ya dukani siiwezi kwa sasa. Tunaishi chumba na sebule, vitu vyangu ni vyombo vya jikoni, kanga na ndoo.

Juzi niliona mahali mtoto anamwagiwa mchele kwenye sinia achezee. Nikajaribu. Hata dakika haikuisha, alifumbata punje na ngumi nzima ikaingia mdomoni. Nilimtoa kwa kidole huku natetemeka. Tangu siku hiyo naogopa kumpa chochote. Nisaidieni.

Baba Pacha
Pole sana dada. Tatizo la mchele ni punje. Mwekee unga wa sembe kwenye beseni, ule ni laini, hauna cha kumkaba. Wangu waliuchezea sana. Halafu chukua chupa ya maji ya nusu lita, tia maharage, funga, atikise. Ile kelele wanaipenda mno.

Bi Mkubwa wa Pongwe
Mwanangu Mama Tabata, pole na hongera kwa malezi. Nimelea watoto wachanga kituoni miaka 11, nikueleze ninavyofanya.

Kwanza unga, Baba Pacha anisamehe. Unga mkavu mtoto anauvuta puani, na ukikutana na mate unafanya donge kooni. Tena ni mbichi, una vijidudu ambavyo moto haujaviua. Ukitaka aguse kitu cha kuteleza, pika uji mzito, uache upoe kabisa, mpakie vijiko viwili vitatu kwenye sinia safi. Akila, amekula chakula. Usitie asali, hiyo asionje kabla ya mwaka mmoja.

Sasa mchezo wenyewe. Kwa umri huu mdomo ndio mkono wa tatu, usipigane nao. Kazi yako ni kuchagua vitu ambavyo hata vikiingia mdomoni havina madhara. Chukua kikapu kipana, kifupi, kisichoangukia upande. Tia vitu vinne au vitano tu visivyofanana: kijiko cha chuma cha kulia, kikombe cha plastiki, kipande cha kanga ya zamani kilichopindwa pindo, kifuniko kidogo cha sufuria, na kifuu kilichosuguliwa mpaka hakina nyuzi wala ncha. Osha kwa sabuni, suuza, anika juani.

Kaa sakafuni kwenye mkeka, mtoto katikati ya miguu yako, mgongo wake kwenye tumbo lako. Kisha nyamaza. Hapo ndipo wazazi wengi wanaposhindwa, wanamtikisia na kumshikisha. Mwache achague. Utaona anachukua kijiko, anakiingiza mdomoni, anashtuka kwa ubaridi, anakitoa, anakitazama, anakirudisha. Kikigonga kifuniko kwa bahati atatulia kabisa, kama anauliza sauti imetoka wapi. Atagonga tena. Hilo tu linaweza kumchukua dakika tano, na mchezo umekamilika.

Akigeuza uso, akipiga miayo, akijinyoosha mgongo kama upinde au akianza kufikicha macho, amechoka. Ondoa kikapu. Mara nyingi dakika 10 zinamtosha.

Kipimo changu cha ukubwa ni kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu kigumu kikizama chote humo, hakiingii kikapuni. Na kitu chembamba kirefu kuliko kijiko, kama mpini wa mwiko, usimpe, maana akipinduka nacho mdomoni kinamchoma kooni.

Mama_Tabata
Shikamoo Bi Mkubwa, asante sana. Na ile chupa ya maharage? Nimeshatengeneza moja.

Bi Mkubwa wa Pongwe
Marahaba mwanangu. Chupa ni nzuri ikitengenezwa vizuri. Angalia chini ya kizibo, kuna kile kipete cha plastiki kinachobaki shingoni ukishafungua. Kikate kwa kisu ukitupe, kwa sababu mtoto akikitafuna siku mbili tatu kinachomoka. Kausha chupa kabisa ndani, la sivyo maharage yanaota ukungu. Tia maharage ya kujaa kiganja tu, ukijaza inakuwa nzito, itamwangukia usoni. Paka supaglu ndani ya kizibo, funga, uache mpaka kesho yake. Kisha jaribu kukifungua kwa nguvu zako zote, halafu itupe chupa sakafuni mara kadhaa. Ikitoa ufa, ni ya kutupa. Na kila siku kabla ya kumpa, ipapase.

Baba Pacha
Hapo kwenye kipete umenifundisha, sikuwahi kukiona. Ila unga bado naona mnauogopa kupita kiasi, pacha wangu hawakuwahi hata kukohoa.

Mzee Kijana
Jamani, na mimi nina swali. Binti yangu ana miezi 6 kamili lakini hakai kabisa, hata kwa mto anaanguka upande. Majirani wanasema nimchimbie shimo mchangani nimkalishe humo. Nifanye?

Muuguzi wa Zamu
Kaka, ungefungua uzi wako, lakini nikujibu kwa ufupi. Kukaa bila kuegemea wengine hufikia miezi 4, wengine mpaka karibu 9, hivyo peke yake hilo si ugonjwa. Shimo achana nalo, mlaze kifudifudi mkekani akiwa macho, weka kile kifuniko cha sufuria mbele yake akifuate. Cha kukupeleka kliniki bila kungoja ni kama hanyooshi mkono kuchukua kitu, hageukii sauti, au mwili ni mlegevu sana au mgumu sana.

Mama Tabata, niongeze maji. Beseni pana, kina cha vidole viwili, vuguvugu kwa kiwiko chako, mtoto mapajani mwako anapiga kwa kiganja. Mkono wako mmoja usimwache hata simu ikilia, maana maji hayo machache yanatosha kumzamisha. Ukimaliza mwaga papo hapo.

Shangazi wa Lamu
Mmesahau kawa! Wangu nilimpa kawa la ukili akwaruze kwa kucha, alipenda ile sauti. Lakini lijaribuni kwanza kwa kulisugua na kitambaa cheupe kilicholoa. La kwangu lilitoa rangi nyekundu, nikalitoa nikatafuta lisilotiwa rangi. Dodoki pia ni zuri, linakwaruza kidogo.

Bi Mkubwa wa Pongwe
Kawa naam. Dodoki mimi simpi, nyuzi zake zinakatika.

Shangazi wa Lamu
Likiwa jipya halikatiki, bibi. Nimelea watatu nalo.

Mama_Tabata
Nimerudi baada ya siku nne. Kikapu kina kijiko, kikombe, kanga na kifuniko, kifuu bado nakisugua. Siku ya kwanza alishika kanga tu, akainyonya pembe mpaka ikaloa, vingine hakuvitazama. Nikadhani hapendi. Jana akakuta kifuniko, akakigonga na kijiko, akanigeukia usoni. Akagonga tena. Chupa ya kwanza nimeitupa, kizibo kilifunguka nilipokivuta. Ya pili inakauka dirishani. Dodoki nitasubiri kwanza, maana naona hamjakubaliana.