Kuachisha watoto wa mbwa kunyonya: punje za kulowekwa au uji wa maziwa?

MamaBanda: Nina watoto 6, leo wametimiza siku 24. Mama yao ameanza kuwakwepa, anawanyonyesha akiwa amesimama. Punje za chakula kikavu cha dukani ni ghali, nafikiria uji wa dona na maziwa ya ng'ombe. Kipi bora?

Mzee_Koko: Anawakwepa kwa sababu meno yameanza kuchomoza. Ni umri wa kuonja, bado hawajawa wa kushiba sahani. Loweka kikombe 1 cha punje za watoto wa mbwa kwa vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, nusu saa. Bonyeza punje kwa kidole: ukigusa kiini kigumu, ngoja. Kisha ponda. Ukiinua kijiko, udondoke taratibu kama uji mzito. Sahani iwe bapa, na kila mmoja aanze na kijiko kimoja cha chakula, mara 2 kwa siku. Mtenge mama saa moja kabla ili wawe na hamu. Wataukanyaga na kujipaka mpaka masikioni, ni kawaida. Wafute, wasipate baridi. Ila usimtumbukize mtoto pua kwenye sahani, uji unaweza kuingia mapafuni. Mpake mdomoni alambe.

Juma_Doria: Maziwa hayana neno, mbwa wa vijijini wanakua nayo. Wakifika wiki 4 watenge na mama kabisa, watajifunza kula haraka.

Mzee_Koko: Ndugu Juma, kwenye maziwa una nusu ya haki, wapo wanaoyavumilia. Lakini ya ng'ombe yana sukari nyingi kuliko ya mbwa, na isiyosagwa huvuta maji utumboni, mtoto akaharisha. Kwa mwenye gramu mia chache, siku moja ya kuharisha inatosha kumkausha. Kutenga ghafla sikubali: chuchu hujaa, zikawa ngumu na moto.

Neema_T: Wangu ana miezi 5 na bado anataka chakula laini. Nimwongezee maji?

Mzee_Koko: Hapana dada, huyo yampasa kula kikavu. Mwangalie kinywa, huenda meno ya utotoni hayajang'oka. Hapa tunazungumzia wanaonyonya.

MamaBanda: Na maji nipunguze lini?

Mzee_Koko: Kila siku 3 au 4, kidogo kidogo. Wiki ya 5 uwe mzito kama ugali laini, mara 4 kwa siku. Wiki ya 6 punje zilowe nje tu, na maji ya kunywa yawepo muda wote. Wiki ya 7 au 8 kavu. Kinyesi kikilegea, rudi kwenye ulaini wa mwanzo siku 2. Kikiwa na damu, au mtoto akipoa na kukataa kunyonya, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Juma_Doria: Dona peke yake haina protini ya kutosha. Lakini ukichanganya na nyama ya kusaga iliyochemshwa?

Mzee_Koko: Nyama bila mfupa haina kalsiamu ya kutosha, na hapo ndipo miguu hupinda. Robo ya sahani sawa, sehemu inayobaki iwe punje.

Juma_Doria: Robo ni ndogo mno. Mimi ningeweka nusu, na unga wa mifupa.

MamaBanda: Basi leo jioni naanza na punje, kijiko kimoja kimoja.