Naomba ushauri: LUKU inaniishia usiku, kila mara usiku

Pota_Pasua
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, Pasua. Napanda mlima kama pota, kwa hiyo hela yangu haina ratiba. Nikishuka safari ninayo, masika ikikaza naweza kukaa wiki tatu sijaitwa. Umeme nanunua wa 2,000, siku nzuri 5,000. Sasa unazima saa nane au saa tisa usiku, mawakala wamelala, simu haina salio. Nyumbani ni taa nne, tv na friji dogo tu. Ninunueje nisizimikiwe usiku? Naombeni msiniambie nitafute hela.

Shangazi_Majengo
Mwanangu, tafuta hela.

Ngosha wa Sakina
Hahaha shangazi! Mkuu, zima friji usiku, tatizo limekwisha. Mimi huku Arusha la kwangu nazima saa nne, mwaka wa pili huu.

Shangazi_Majengo
Na hayo maziwa yako siji kunywa. Ila mimi nina langu: tarehe moja nilinunua 2,000 nikapewa uniti moja na ushee. Wizi mtupu.

Fundi Waya
Shangazi, hiyo ni kodi ya jengo. Nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi na inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Ukiruka mwezi bila kununua, inakusubiri ya miezi miwili. Mtoa mada, hili linakuhusu na wewe: usiingie usiku wa tarehe moja ukiwa na 2,000 mkononi na mita inaelekea sifuri, maana itakayobaki kununua umeme ni 500.
Sasa nikuulize, hiyo ya 2,000 inakaa muda gani?

Pota_Pasua
Siku moja na kidogo. Siku mbili haifiki.

Fundi Waya
Na ukinunua 10,000 unapata uniti ngapi?

Pota_Pasua
28 na nukta.

Fundi Waya
Basi uko kwenye kiwango cha kawaida, na 2,000 ni uniti 5.6. Friji dogo, tv na taa nne haziwezi kula uniti 5.6 kwa siku moja na kidogo. Ama kuna mtu anakula umeme wako, ama kuna kitu hujatuambia.

Kijana wa Kiboriloni
Nenda ofisini waombe wakuweke D1. Uniti ni shilingi 100, na kodi zote 122. Mama yangu ananunua ya 9,150 anapata uniti 75 za mwezi mzima. Wewe unanyonywa bure.

Pota_Pasua
Fundi, sawa. Kuna vifaranga. Mia moja, wana siku tisa. Taa mbili za wati 100, zinawaka saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi. Sikutaja kwa sababu najua mtaanza kunisema. Kuku ndio watakaotulisha masika, sio anasa.

Shangazi_Majengo
Sasa mbona ulituhesabia taa nne, hizo mbili ni mishumaa? Na wamekufa wangapi?

Pota_Pasua
Kumi na mmoja, juzi. Umeme ulikata saa tisa. Walikimbilia kona wakapandana, wa chini wakabanwa wakakosa hewa. Wa juu walikuwa wazima kabisa.

Fundi Waya
Pole sana kaka. Tukae na hesabu sasa. Wati 200 kwa saa 12 ni uniti 2.4. Vitu vingine tuseme uniti 2 kwa siku, na karibu nusu yake ni usiku. Jumla 4.4 kwa siku, na katika hizo kama 3.3 zinatumika kati ya magharibi na alfajiri. Kwa hiyo si mkosi. Robo tatu ya umeme wako unaliwa usiku, ndio maana unaishia usiku.
Wewe ukiamka unaona rimoti inasoma 3, unasema leo ninao. Asubuhi hiyo namba haikuambii kitu. Isome saa kumi na mbili jioni, kabla hujawasha taa za vifaranga. Usiku mmoja unataka 3.3, ongeza nusu kwa dharura, inakuwa 5. Ikisoma chini ya 5 jioni, ingiza umeme hapo hapo. Usisubiri ilie.
Kijana, D1 ni ya wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi. Huyu ni 4.4 mara 30, uniti 132. Hata wakimpa, zinazozidi 75 zinapigwa 350 kabla ya kodi, na wastani ukipanda wanamrudisha.

Kijana wa Kiboriloni
Lakini bila vifaranga ni uniti 60. Anaingia.

Fundi Waya
Hapo umenena kweli. Wakishaota manyoya akazima taa, aende akaombe. Ila akileta kundi jingine tunarudi pale pale.

Pota_Pasua
Ya jioni nimeelewa. Ila kununua kidogo kidogo siachi. Nikiweka 30,000 kwa pamoja, nyumbani wakiona 84 kwenye rimoti kila mtu anapiga pasi. Ya 2,000 inaleta adabu.

Fundi Waya
Bei ya uniti kwako ni ile ile, nunua ya 2,000 au ya 30,000. Lakini kununua si lazima uingize. Siku unashuka mlimani una hela, nunua tokeni mbili tofauti. Moja ingiza, nyingine iandike kwenye daftari, tarakimu zote 20, hesabu mara mbili. Inakaa pale, ni ya mita yako peke yake, jirani hawezi kuitumia. Rimoti haioneshi, pasi haipigwi. Jioni ikishuka chini ya 5, mnaingiza. Mtandao ukigoma haukuhusu, wakala akilala haukuhusu. Na kama rimoti yako ni ya betri, weka mpya, maana umeme ukishakata bila betri hutaingiza kitu.

Ngosha wa Sakina
Subirini kwanza. Huyu juzi si yuko mlimani? Kwenye ule uzi wa mvua Jumapili alisema yuko Barafu. Leo vifaranga walikufa juzi saa tisa na amewaona "wa chini wakabanwa". Aliwaona kwa darubini? Uzi wa kutunga huu, kesho atatuuzia sola.

Shangazi_Majengo
Ee! Jibu, kijana.

Kijana wa Kiboriloni
Nilishangaa pota na friji.

Pota_Pasua
Pota hanywi maji ya baridi? Nimeshuka jana. Aliyewaona ni mke wangu, alinisimulia. Simu yake haina akaunti ya hela, kwa hiyo mnunuzi ni mimi. Nikiwa juu ananipigia, nikiwa pasipo mtandao ndio basi. Alikaa na kopo la maji ya moto katikati ya vifaranga mpaka kumepambazuka.

Shangazi_Majengo
Kumbe mwenye tatizo ni shemeji, wewe mwandishi tu. Mfungulie hiyo akaunti.

Ngosha wa Sakina
Mimi bado 50 kwa 50.

Fundi Waya
Safari yako inayofuata siku ngapi?

Pota_Pasua
Saba, Machame. Naondoka kesho.

Fundi Waya
Saba kwa 4.4 ni kama uniti 31. Ingiza ya 10,000 leo, 28. Ya 5,000 iache kwenye daftari, 14. Mwoneshe kuingiza mwenyewe kabla hujaondoka, kwa mkono wake.

Mama Vifaranga
Nimechelewa. Wiki hii ya pili taa mbili bado sawa, ila angalieni wanavyokaa. Wakilundikana chini ya taa ni baridi, wakikimbilia ukutani ni joto, zima moja. Mimi usiku wa manane nina jiko la mkaa la akiba, ila mlango lazima uachwe wazi kidogo, moshi ule usiouona unaua kuku na mtu.

Pota_Pasua
Asanteni. Nimenunua zote mbili, ya pili ameiandika mwenyewe nyuma ya kalenda, daftari hatuna. Rimoti inasoma 31 sasa hivi.

Fundi Waya
Vizuri. Na usilete kundi jingine kabla hili halijatoka.

Pota_Pasua
Mia mbili. Nimeshalipia nusu.