Naomba ushauri: ofisi ya maji ya wilaya haijajibu barua yangu ya tangi na mabomba

MwalimuMkuu_K
Wakuu, habari za humu. Naongoza shule ya msingi ya kutwa yenye wanafunzi 640 na wafanyakazi 20. Tangi letu ni la zege, la duara, limejengwa mlimani nyuma ya madarasa ili maji yateremke yenyewe. Lina ufa. Chini kuna mabomba nane, matatu yanavuja na mawili hayafunguki kabisa.

Wiki saba zilizopita niliiandikia ofisi ya maji ya wilaya hivi:

*YAH: OMBI LA MATENGENEZO YA TANGI NA MABOMBA*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule yangu ina tatizo kubwa la maji. Tangi limepasuka na mabomba ni mabovu kwa muda mrefu, hali inayohatarisha afya za watoto. Hivyo tunaomba ofisi yako itusaidie haraka iwezekanavyo. Natumaini ombi langu litakubaliwa.*

Kimya mpaka leo. Nataka kuandika nyingine kali zaidi. Mnishauri niiwekeje?

Kipenga
Mwalimu, hiyo ya kwanza ni ya upole mno. Andika nyingine, nakala kwa mkuu wa wilaya, nakala kwa mbunge, ambatanisha na picha za watoto wamebeba ndoo. Utaona gari la ofisi ya maji linavyopanda huo mlima.

Bi_Mkubwa
Pole mwalimu. Hata mimi walinikatia mwezi uliopita, bili imekuja mara tatu ya kawaida na nyumbani tuko watu wawili. Ukienda ofisini uwe na risiti zote, na usikubali kulipa kabla hawajaja kupima mita.

Fundi_Mstaafu
Bi Mkubwa, shida ya mwalimu si bili, ingawa bili yako nayo ina harufu ya bomba linalovuja chini ya ardhi baada ya mita. Funga mabomba yote ya nyumbani uitazame mita. Ikiendelea kuzunguka, umepata jibu.

Mwalimu, nimekaa ofisi ya maji miaka mingi na barua kama yako nimezipokea nyingi. Kali au pole, shida si hiyo. Barua yako haina kitu cha kufanyia kazi. Anayeipokea hajui tangi lina ukubwa gani, ufa uko wapi, wala anatakiwa alete nini: fundi, sementi au mhandisi? Basi anaiweka faili akisubiri siku atakayopita huko.

Kabla sijasema zaidi, nijibu haya. Mita iko kabla ya tangi au baada? Nani alijenga tangi, na makabidhiano yalisemaje? Maji huja siku gani? Ufa unaanzia wapi?

MwalimuMkuu_K
Asante, mzee wangu. Mita iko getini, kabla ya tangi. Tangi lilijengwa na mradi wa maji, shule ikakabidhiwa. Hati nimeipata kwenye faili la zamani. Inasema shule itasimamia ulinzi na usafi. Kuhusu matengenezo haisemi lolote. Maji huja Jumatatu na Alhamisi. Ufa unaonekana kuanzia kama kimo cha goti kupanda juu, na pembeni yake kuna michirizi myeupe.

Fundi_Mstaafu
Hapo kwenye mita ndipo barua yako ilipokwama. Kwa kawaida ofisi ya maji hutengeneza kila kilicho kabla ya mita. Baada ya mita ni mali ya mteja. Ukiandika "tutengenezeeni tangi", mwenye faili anasoma "mteja anataka tumfanyie kazi yake". Hati yako nayo imeacha pengo, haikukupa mzigo wa matengenezo wala haikuwaachia wao. Usilifiche pengo hilo, litaje kama lilivyo, kisha omba kile ambacho wewe huna nao wanacho: mtaalamu wa kukagua, makadirio ya vifaa na usimamizi wa kazi.

Halafu pima. Chukua fito ndefu, ipige alama za sentimita, ichovye mpaka sakafu ya tangi. Siku ambayo hakuna matumizi, funga koki ya kutokea kwenye tangi ili mabomba ya chini yasihusike, na hakikisha hakuna maji yanayoingia. Andika kimo jioni na asubuhi, uendelee hivyo mpaka kimo kikome kushuka. Kimo kinapokomea ndipo ufa unapoanzia, hata kama kwa nje unauona kwingine. Kisha, maji yakiwa chini ya ufa, fungua koki ya tangi lakini mabomba yote yabaki yamefungwa. Kitakachopungua usiku huo kinapotelea kwenye mabomba na njia yake, si kwenye tangi.

Jenga_Imara
Kwani lote hilo la nini? Ufa wa tangi ni kupiga plasta ya sementi nzito kwa nje na dawa ya kuzuia maji, siku mbili limekwisha. Nimefanya nyumbani kwangu.

Fundi_Mstaafu
Sementi na dawa ni sawa, upande ndio umekosea. Kiraka cha nje kinasukumwa na maji yanayotoka, siku moja kitabanduka. Cha ndani kinakandamizwa na maji hayo hayo kwenye ukuta. Tangi linamwagwa, linasuguliwa, ufa unachongwa upanuke ndipo ujazwe, na kiraka kinawekwa unyevu kama wiki nzima ili kisikauke haraka kikapasuka tena.

Ila kwanza tujue ni ufa gani. Ukilizunguka tangi kwa kimo kimoja, mara nyingi ni pale zege la jana lilipokutana na la leo, na kiraka cha ndani kinatosha. Ukisimama wima na kupanuka kadiri unavyopanda, huenda msingi umezama upande mmoja. Hapo ukiziba leo, utapasuka tena pembeni. Mwalimu, bandika kipande chembamba cha plasta kukatiza ufa kwa nje, mahali pakavu, ukiandike tarehe. Kikipasuka, ukuta bado unatembea.

MwalimuMkuu_K
Nimerudi. Bahati tulikuwa na likizo fupi, kwa hiyo hakuna aliyetumia maji. Kipenyo cha ndani ni mita 3. Alhamisi jioni baada ya maji kukatika kimo kilikuwa sentimita 180. Ijumaa asubuhi 150. Jumamosi jioni 70. Jumapili adhuhuri 60, jioni bado 60. Usiku huo nikafungua koki ya tangi, mabomba yote yamefungwa, Jumatatu alfajiri nikakuta 56. Bomba la kutokea liko sentimita 10 juu ya sakafu. Plasta nimebandika.

Fundi_Mstaafu
Umefanya kazi safi. Kwa kipenyo hicho kila sentimita moja ni kama lita 70. Usiku wa kwanza ufa umekula sentimita 30, yaani lita 2,100. Mabomba mabovu nayo yamekula sentimita 4, lita 280 kwa usiku mmoja. Hiyo ya pili usiipeleke wilayani. Hizo ni raba za ndani, nunueni wenyewe. Raba ikiisha mtoto hukaza kwa nguvu zaidi ili maji yakatike, mwisho anaharibu nyuzi za koki. Nadhani ndivyo yalivyokufa hayo mawili.

Sasa hoja ya barua. Shirika la Afya Duniani limeweka lita 5 kwa mtu kwa siku katika shule za kutwa. Watu 660 ni lita 3,300. Tangi likijaa mpaka sentimita 200, ukitoa zile 10 za chini, linakupa kama lita 13,400, siku nne. Sasa hivi maji ya kutegemea ni yale yaliyo kati ya sentimita 10 na 60, lita 3,500. Siku moja! Maji ya Jumatatu yalipaswa yakufikishe Alhamisi, na hayakufikishi. Sentensi hiyo ina uzito kuliko picha za ndoo.

Mjumbe_wa_Kamati
Samahani, lita 5 ni chache. Kwetu vyoo ni vya kumwagia maji, ndoo zinaishia huko.

Fundi_Mstaafu
Ni kweli, maji ya vyoo vya aina hiyo huongezwa juu ya zile 5. Lakini kwenye barua ningebaki na kiwango cha chini na kusema vyoo havimo. Akikipinga, atakuwa anapinga kiwango cha chini kabisa.

MwalimuMkuu_K
Hii hapa rasimu. Inapitia kwa afisa elimu wa wilaya.

*YAH: OMBI LA UKAGUZI WA KITAALAMU WA TANGI LA SHULE*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu, na barua yetu ya awali ambayo nakala yake imeambatanishwa.*
*Tangi la zege la shule, lenye kipenyo cha mita 3, lina ufa unaoanzia sentimita 60 kutoka sakafuni na kupanda wima. Tulipolipima wakati wa likizo, koki ya kutokea ikiwa imefungwa, lilipoteza takriban lita 2,100 kwa usiku mmoja.*
*Maji hutufikia Jumatatu na Alhamisi. Kwa matumizi ya lita 3,300 kwa siku, bila kuhesabu vyoo, tangi zima lingetutosha siku nne. Kwa sasa linatutosha siku moja.*
*Hati ya makabidhiano, iliyoambatanishwa, haitaji mhusika wa matengenezo. Tunaomba: kwanza, mtaalamu akague ufa na msingi, pili, tupatiwe makadirio ya vifaa, tatu, fundi wako asimamie kazi. Shule itatoa nguvu kazi na itatengeneza mabomba yenyewe. Siku nzuri ya ukaguzi ni Alhamisi asubuhi kabla maji hayajafika, tangi likiwa na maji machache.*

Niongeze nakala kwa mkuu wa wilaya kama alivyosema Kipenga?

Kipenga
Ongeza! Karatasi moja inakugharimu nini?

Fundi_Mstaafu
Mimi ningeisubirisha. Ukianza na mkubwa wao, fundi atakuja amenuna na atakagua kwa macho tu. Wiki tatu zikipita kimya, hapo Kipenga ana haki. Ipeleke kwa mkono, wapige mhuri wa kupokea kwenye nakala yako na uandike jina la aliyepokea.

Kipenga
Hatukubaliani, mzee. Wiki tatu ni nyingi kwa watoto.

MwalimuMkuu_K
Nimeipeleka leo, mhuri ninao, nakala ya mkuu wa wilaya nimeiacha kwanza. Raba za mabomba matatu tumebadilisha na yamekauka. Nimepewa Alhamisi ijayo.

Ila mzee, ile plasta niliyobandika ina mstari mwembamba kama unywele, upande wa juu tu. Sijui ni ukuta umetembea au niliichanganya vibaya ikakauka haraka.

Fundi_Mstaafu
Bandika nyingine pembeni yake leo, na nyingine mahali pasipo na ufa, kutoka mchanganyiko mmoja. Ya kwenye ufa ikipasuka peke yake, mwambie mkaguzi aanze na msingi kabla hajashika kitu kingine.