Tupeane uzoefu: ulipimwa nini kabla ya kupewa kazi?

Mama Wawili, Nakuru: Jana binti wa jirani amenionyesha fomu yake ya vipimo, nikakumbuka yangu ya 2019. Niliitwa kazi kwenye shamba moja la maua huko Naivasha. Tulipelekwa wanawake kumi na sita kwa kliniki waliyoichagua wao. Tukatolewa damu, kila mmoja akapewa kikopo cha mkojo. Kwenye fomu yangu, pale kwa mimba na VVU, mtu alikuwa ameshatia alama kwa kalamu ya bluu. Nikamuuliza dada wa maabara, akasema, "Saini tu, wote wanasaini." Nikasaini. Majibu sikuonyeshwa, yalienda ofisini. Jioni majina yakasomwa langoni na sisi wawili hatukuitwa. Nilikwenda kujipima mwenyewe: VVU sina, mimba ya wiki saba ninayo. Mpaka leo hakuna aliyenieleza kwa nini niliachwa.

Jamaa wa Kondele: Pole sana dada. Sheria imekataza vipimo vyote kabla ya kazi.

Mzee wa Leba: Si vyote, ndugu. Mpishi lazima apimwe, tena kila miezi sita, na dereva kupimwa macho ni haki. Ila VVU mwajiri hawezi kukulazimisha upimwe kama sharti la kazi, kifungu cha 13 cha sheria ya ukimwi ya 2006. Na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza kukubagua kwa mimba au VVU, hata ukiwa bado unaomba kazi. Mkifika kortini, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Ofisini inatosha ifike karatasi ya kusema unafaa kazi au hufai.

Fundi Bungoma: Mimi cheti cha tabia njema ndicho kilinitesa. Saruji imekula vidole, alama hazitoki.

Jamaa wa Kondele: Hatuongei vidole hapa!

Fundi Bungoma: Kichwa kinasema kabla ya kupewa kazi. Nami nilikosa kazi.

Dereva wa Lori, Kisumu: Mimi nilipimwa mkojo, wakasema natumia heroini. Heroini! Nilikuwa na siku nne nikinywa dawa ya kikohozi yenye kodeini. Kile kijiti cha haraka hakitofautishi. Niliwasihi mkojo uleule upelekwe maabara kubwa ukahakikishwe, wakakataa. Kijijini bado wananiita teja.

Nyar Ahero: Acheni dawa wiki nzima kabla ya kupimwa.

Mzee wa Leba: Mama, mgonjwa asiache dawa. Aandike jina la dawa kwenye fomu kabla ya kutoa mkojo, na chupa ya dawa aibebe.

Nyar Ahero: Akiandika wanamtoa hapo hapo. Nimeona.

Mama Wawili, Nakuru: Binti ameipiga picha fomu kabla ya kusaini. Anauliza: akikata ile alama ya VVU, si watachukua tu aliye nyuma yake kwenye foleni?